Kurahisisha Waraka Si Kuufupisha

Matoleo mepesi ya nyaraka za serikali yanayozunguka kwenye simu za watu hapa Mombasa mengi yana kasoro moja: yamefupishwa, hayakurahisishwa. Anayefupisha hupunguza maneno. Anayerahisisha huenda akayaongeza, ili kila anayehusika ajue afanye nini, apeleke wapi, na siku yake ya mwisho ni ipi. Kwangu mimi, waraka mwepesi uliopoteza sharti moja una madhara kuliko ule mgumu. Mgumu humfanya mtu akaulize. Mwepesi wenye kosa humfanya atulie nyumbani hadi muda umpite.

Chukua mfano huu. Nimeutunga, lakini sentensi zake ni za aina ile ile inayobandikwa kwenye milango ya ofisi. Tuseme umetiwa tarehe 6 Oktoba 2026, siku ya Jumanne:

"Wamiliki wote wa vibanda vya chakula pamoja na wasaidizi wao wanaoshughulika na utayarishaji wa chakula wanaagizwa kuhakikisha kwamba uchunguzi wa kiafya umefanyika na nakala za vyeti kuwasilishwa katika ofisi ya afya ya umma ya kaunti ndogo husika ndani ya siku kumi na nne za kazi baada ya tarehe ya waraka huu, isipokuwa wale ambao vyeti vyao havijaisha muda, ambao watatakiwa kuviwasilisha kwa ukaguzi kabla ya tarehe 30 Oktoba. Aidha, wanashauriwa kubaki na nakala. Kukiuka agizo hili kutasababisha leseni kusitishwa bila notisi zaidi."

Mtu mwenye nia njema ataugeuza hivi: "Wauza chakula wote wapeleke vyeti vya afya katika wiki mbili, mwisho tarehe 30 Oktoba, la sivyo watanyang'anywa leseni." Unasomeka haraka, na mama anayeuza mahamri na mbaazi kule Kongowea atauelewa mara moja. Ila atakachokielewa sicho kilichoagizwa. Makundi mawili yamefanywa moja. Kupimwa kumetoweka. Kusitishwa kwa leseni kumekuwa kunyang'anywa, na tarehe zote mbili zimeharibika.

Kabla ya kuandika sentensi hata moja mpya, mimi huchukua kalamu na kupigia mstari kila kitenzi kinachobeba agizo, ushauri au adhabu. Hapa ni kuhakikisha uchunguzi umefanyika, kuwasilisha nakala, kuwasilisha vyeti kwa ukaguzi, kubaki na nakala, na kusitisha leseni. Kila kimoja nakiuliza: nani, nini, wapi, lini, na kuna nani aliyeachwa nje? Swali la nani ndilo gumu zaidi, kwa sababu lugha ya ofisini hupenda kumficha mtendaji. "Uchunguzi umefanyika" haisemi nani aende akapimwe. "Nakala kuwasilishwa" haisemi kama mwenye kibanda atapeleka za wote au kila msaidizi atajipelekea. Hata "watatakiwa" inaweza kuwashika wamiliki, wasaidizi, au wote pamoja.

Mrahisishaji akifika hapo hana ruhusa ya kuchagua jibu linalompendeza. Aipigie simu ofisi iliyotia sahihi, aulize, aandike walivyojibu na siku waliyojibu. Asipopata jibu, aseme wazi kwamba waraka hausemi. Tuseme ofisi imejibu kwamba mwenye kibanda ndiye anayepeleka karatasi za wote. Sasa tunaweza kusonga.

Tarehe nazo zihesabiwe kwa kidole juu ya kalenda. Siku kumi na nne za kazi si wiki mbili. Kwa kuwa waraka unasema "baada ya tarehe", siku ya kwanza ni Jumatano tarehe 7. Ukiacha Jumamosi na Jumapili, unafika siku ya tisa Jumatatu tarehe 19. Kesho yake, tarehe 20, ni Mashujaa, na ofisi zimefungwa. Siku ya kumi basi ni tarehe 21, na ya kumi na nne ni Jumanne tarehe 27 Oktoba. Aliyeangusha maneno "za kazi" amempeleka mtu ofisini siku ya Mashujaa akute kufuli. Aliyesahau Mashujaa ameishia tarehe 26, akamnyima mtu siku moja aliyopewa. Na ikiwa muda wa waraka unapitiwa na Idd, hesabu irudiwe sikukuu ikishatangazwa, maana mwezi ndio unaoamua.

Tarehe ya pili ni fupi lakini ina mtego wake. "Kabla ya tarehe 30" maana yake siku ya mwisho ni Alhamisi tarehe 29. Anayeandika "mwisho tarehe 30" anawachelewesha watu kwa siku nzima. Saa pia: ukikuta "10:00" tupu, usiinakili hivyo hivyo. Uliza kama ni ya asubuhi au ya alasiri, kisha andika kwa maneno, "saa nne asubuhi" au "saa kumi alasiri".

Baada ya hapo kuandika ni kazi nyepesi:

"Waraka huu unamhusu kila mwenye kibanda cha chakula na kila msaidizi wake anayetayarisha chakula.

Ikiwa huna cheti cha afya, au muda wake umeisha: lazima upimwe. Mwenye kibanda lazima apeleke nakala ya cheti chako katika ofisi ya afya ya umma ya kaunti ndogo yenu. Siku ya mwisho ni Jumanne, tarehe 27 Oktoba 2026.

Ikiwa muda wa cheti chako haujaisha: waraka haukuagizi upimwe sasa. Mwenye kibanda lazima apeleke cheti chenyewe kikaguliwe. Siku ya mwisho ni Alhamisi, tarehe 29 Oktoba 2026.

Mnashauriwa kubaki na nakala. Huu ni ushauri, si lazima.

Agizo lisipofuatwa, leseni itasitishwa. Hakutakuwa na notisi nyingine."

Kundi la "isipokuwa" limetolewa mkiani mwa sentensi likapewa fungu lake, na wa kundi la kwanza wakatajwa kwa hali yao. Nimeandika "cheti chenyewe" kwa sababu waraka unawataka wa kwanza nakala, na wa pili "kuviwasilisha", yaani vyeti. Hilo pia ni la kuthibitisha kwenye simu ile ile. "Wanashauriwa" imebaki ushauri. Neno "lazima" limekaa tu pale waraka ulipoagiza.

Ukaguzi wa mwisho haufanywi na mwandishi. Mpe karatasi mtu asiyeusoma waraka wa kwanza, na usimuulize kama ameelewa, maana atasema ndiyo kwa adabu. Mwulize, "Bi mkubwa, cheti cha kijana wako kinaisha Desemba. Utafanya nini, na mwisho lini?" Akijibu tarehe 27, makundi mawili bado yanachanganyika machoni pake, na kosa ni la maandishi. Kisha rudi kwenye vile vitenzi vya kalamu, uvitafute kimoja kimoja katika toleo jipya. Kisichoonekana kimepotea. Kilichoonekana bila kuwa kwenye waraka umekibuni.

Katiba ya 2010, Kifungu cha 7, imekitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, na Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Ndiyo maana naona kazi hii isiachiwe wasamaria wa mtaani. Ofisi iliyotoa waraka itoe toleo jepesi siku ile ile, lenye nambari na tarehe ya ule wa asili, na jina la cheo cha afisa wa kupigiwa simu.