Mji uliofurika si pazia la jukwaani

Nimechoka na hadithi za miji iliyozama ambamo hakuna anayelowa. Sura ya kwanza, kurasa tatu za mawimbi, ukungu na upepo unaolia. Sura ya pili wahusika wanatembeleana usiku na mchana, miguu mikavu, kana kwamba bahari imeomba ruhusa kazini. Hapo mwandishi amepaka rangi ukuta, hajaumba mhusika.

Mhusika ana tabia, na tabia ya bahari ina saa. Baina ya kujaa na kujaa hupita kama saa 12 na dakika 25. Bamvua, yale maji makubwa kuliko ya siku nyingine, huja kila baada ya wiki mbili hivi, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na mahali pamoja hujaa karibu saa zilezile kila bamvua. Kwa hiyo mwandishi akishachagua saa, imemfunga. Asiibadilishe kwa kuwa sura ya tisa inahitaji gharika.

Tuseme maji hupanda mita 3, na mtaa wa chini uko nusu mita chini ya kilele cha bamvua. Maji hupanda haraka katikati na kuzubaa mwishoni: saa ya mwisho huongeza robo mita tu. Basi mtaa huanza kulowa kama saa moja na nusu kabla ya kilele, na hukauka muda kama huo baadaye. Njia imefungwa kwa muda wa saa tatu.

Sasa mpe mkunga kazi. Leo maji yanajaa saa kumi na nusu jioni. Saa tisa alasiri anaitwa ng'ambo ya mtaa, na msaidizi wake hajarudi na mkoba. Aende sasa mikono mitupu, au asubiri hadi saa kumi na mbili? Hakuna mwovu aliyemzuia. Mji ndio uliomuuliza, nao haujali atajibu nini.

Huzuni nayo isitajwe, ionekane kwenye vitu. Maji ya chumvi hupanda ndani ya ukuta hata mafuriko yakishaondoka. Yakikauka, chumvi huganda chini ya lipu na kuibandua vipande vipande. Milango ya mbao huvimba ikagoma kufunga. Mwenyeji anaongea na mgeni huku jicho liko kizingitini, na mgeni anajua mazungumzo yamekwisha.

Sawa, hadithi fupi ya kurasa nne inaweza kuishi na pazia. Riwaya haiwezi.

Ajabu ni kwamba waandishi wengi husahau maji mafu, zile siku ambazo bahari haifiki mtaani kabisa. Mkunga aliyekosana na dada yake wa ng'ambo amekuwa akisingizia maji kwa miezi. Wiki hii njia ni kavu asubuhi na jioni, na dada mtu anajua hivyo.