Slaidi 74 na Swali Moja

Mbukwenyi, jamani. Kosa langu mimi ni kukaa karibu na mlango. Tangu tufundishwe mfumo mpya wa kuombea masurufu, siku mbili nzima, slaidi 74, kila anayekwama anakuja kwangu utadhani niliutengeneza mimi. Nashuka kwenye daladala Mtumba, vumbi la Dodoma bado liko kwenye nyusi, begi sijalitua: "Samahani kaka, ile ya juzi ilikuwaje?"

Nikasema nitawapa karatasi moja ya kubandika mezani, nami ninywe chai yangu. Kwa ujuaji nikaprinti slaidi tisa kila ukurasa. Zikatoka kurasa tisa za sisimizi. Mzee wa stoo akaziinua dirishani kama anakagua noti bandia.

Nikashika adabu. Wiki nzima, kila swali nikalichorea kijiti nyuma ya kalenda. Vikafika 31, na 19 ni swali lile lile: "Nimetuma, mbona mkuu anasema hajaona?" Nikienda kutazama, mtu kabonyeza Save, karidhika, kaenda kula. Save inakutunzia ombi wewe mwenyewe. Linalolipeleka kwa mkuu ni Submit. Jibu hilo lilikuwa slaidi ya 52, nyuma ya dira, dhima, na picha ya watu wenye suti wanaicheka kompyuta. (Ofisini kwetu kompyuta haichekwi, inaombewa.)

Slaidi zilifuata menyu, moja baada ya nyingine. Aliyekwama hana habari na menyu, ana shida yake. Basi juu kabisa ya karatasi nikaandika kwa herufi kubwa:

```
OMBI HALIJAFIKA KWA MKUU?
Tazama neno lililo kando ya ombi.
Draft   = bado liko kwako. Fungua, bonyeza Submit.
Pending = limefika. Msubiri mkuu.
```

Awali niliandika "bonyeza kitufe cha kijani". Printa yetu haijui kijani. Vitufe vyote vilitoka kijivu. Nikaweka jina la kitufe kama linavyosomeka kwenye skrini.

Halafu nikampa mama wa masjala, ambaye siku za mafunzo alikuwa likizo. Nikakaa kando, mdomo nimeufunga, na hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Akakwama kwenye kiambatisho: mfumo unataka PDF, yeye ana picha ya simu. Slaidi hazikulitaja, kwa sababu mkufunzi alikuja na faili lake tayari. Nikaongeza mstari, nikafuta aya nzima ya nywila ambayo hakuitazama hata mara moja. Pembeni nikaweka tarehe, ili mfumo ukibadilishwa tujue ipi ya kutupa.

Nikapeleka laminesheni. Jumatatu nimekaa na chai yangu, kimya, raha. Mama wa masjala huyo mlangoni.

"Mwanangu, samahani. Ile karatasi ya kutokukuuliza nimeiweka wapi?"