Friji ikishafunguliwa, ushahidi nao unaondoka

"Friji nimeinunua Februari, Julai ikaacha kugandisha. Nikaita fundi wa hapa mtaani, akajaza gesi kwa 70,000, ikafanya kazi siku tisa ikafa tena. Duka linasema waranti imeisha kwa sababu imefunguliwa. Nimelipa 820,000, nataka nipewe mpya. Wananidhulumu au la?" Ni maneno ya mama mmoja wa Pasua, Moshi, anayeuza juisi na barafu za ubuyu.

Niseme mapema kwamba nimefanya kazi miaka kadhaa kwenye karakana moja ya Arusha inayopokea friji za waranti, kwa hiyo hoja za upande wa pili wa kaunta nazijua, na naona watu wengi hawajawahi kuelezwa vizuri. Jibu la "imefunguliwa" linasikika kama kisingizio cha mtu anayekwepa deni. Mara nyingine ndivyo lilivyo. Kwa friji hii, sidhani.

Tuanze na kile alichoahidiwa. Kadi yake inasema mwaka mmoja kwa friji nzima na miaka kumi kwa kompresa, na kwamba kampuni itatengeneza au itabadilisha kwa uamuzi wake. Hilo neno "au" halimpi mnunuzi chaguo. Waranti ya aina hii ni ahadi ya kutengenezewa. Kupewa mpya huja pale matengenezo yasipowezekana au yakishindikana. Ile miaka kumi inayopambwa kwenye stika ya mlangoni, kwa kawaida inahusu kompresa yenyewe kama kifaa: baada ya mwaka wa kwanza, gesi, kazi ya fundi na usafiri ni juu yako. Na ukibadilishiwa friji, mara nyingi muda hauanzi upya, unaendelea pale ulipoishia. Muuzaji naye si mwenye waranti. Waranti ni ya kiwanda, na kiwanda humrudishia muuzaji gharama akileta ripoti ya fundi inayosema kasoro ilikuwa nini. Akimpa mteja friji mpya bila ripoti hiyo, ameitoa mfukoni mwake.

Sasa twende jikoni kwake. Nyuma ya friji, karibu na kompresa, kuna stika inayotaja aina ya gesi na uzito wake. Ya huyu mama inasomeka R600a, gramu 52. Gramu hamsini na mbili ni kidogo kuliko unavyofikiri, kama vijiko vinne vikubwa vya sukari. Friji za namna hii hujazwa kwa mizani, si kwa kukisia. Halafu R600a ina tabia moja inayowaponza mafundi wengi: friji ikiwa inafanya kazi vizuri kabisa, upande wa kunyonya huwa na mgandamizo ulio chini ya ule wa hewa ya kawaida. Fundi aliyezoea R134a, gesi nyingine ya friji, anafunga geji, anaona sindano imeshuka chini ya sifuri, anasema "gesi imekwisha", anaongeza. Anachoongeza mara nyingi ni hiyo hiyo R134a aliyonayo kwenye mtungi.

Ndicho kilichotokea Pasua. Tulipofunga geji friji ikiwa imezimwa na imekaa usiku kucha, mgandamizo ulikuwa zaidi ya bar 5. R600a peke yake, kwenye joto la nyuzi 25 hivi, husimama karibu na bar 2.5. Ndani kulikuwa na gesi nyingine. Kompresa ya R600a imeundwa kuvuta gesi nyepesi. Ukiipa R134a mota inaelemewa, inachemka, kinga yake inaikata, inapoa, inawaka tena. Oili yake nayo haichanganyiki na R134a, hivyo inayotoka kwenda kwenye mabomba hairudi ipasavyo. Siku tisa ni umri unaoeleweka kabisa kwa kompresa iliyo kwenye hali hiyo.

Kwa hiyo kompresa imeuawa na fundi, na hapo duka halina deni. Lakini mama ana swali zuri kuliko hilo, na ndilo linalonisumbua: Julai, kabla fundi hajagusa kitu, friji iliacha kugandisha kwa sababu gani?

Hakuna anayejua tena. Huenda kiungo kimoja cha kiwandani kilikuwa kinavujisha polepole, gramu baada ya gramu, kwa miezi mitano. Huenda bomba limetobolewa kwa kisu wakati wa kubandua barafu, jambo ambalo kwa mtu anayeuza barafu si la kushangaza, na ambalo kadi inalitoa nje ya waranti. Huenda gesi ilikuwa imejaa vilevile na kilichokufa ni thamostati au kile kiwashio kidogo kilichochomekwa ubavuni mwa kompresa, kazi ya dakika kumi. Friji ambayo haijafunguliwa ingetuambia. Ungepima kiwashio, ungesikiliza kompresa, ungetafuta doa la oili kwenye viungo, kwa sababu gesi inayovuja hutoka na oili kidogo. Mwisho ungetoa gesi iliyobaki na kuipima: ikiwa gramu 50, hakuna uvujaji, ikiwa 15, tafuta tundu.

Fundi alipokata bomba la kujazia, gramu zile zilitoka hewani kwa sekunde chache. Kipimo pekee cha kiasi kilichokuwa kimebaki kikaondoka nazo. Alipochomea, aliacha oili na masizi palepale ambapo mkaguzi angetafuta doa. (Kuchomea kwa moto kwenye mfumo wenye R600a, gesi inayowaka, ni hatari nyingine, mama ana bahati jiko lake bado lipo.) Watu hudhani stika ya "usifungue" inalinda biashara ya karakana za kampuni. Pengine inafanya hivyo pia. Lakini kwa mabomba ya gesi, kitu kinachopotea ni ushahidi wa mnunuzi mwenyewe, yeye anayedai kasoro ilikuwapo tangu dukani.

Ndiyo maana hata sheria haimsaidii haraka anavyodhani. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka mfanyabiashara auze kitu chenye ubora unaofaa, na haki hiyo ipo hata kama kadi ya waranti haikujazwa. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo ina sehemu za kumlinda mlaji. Lakini zote zinarudi palepale: onyesha kwamba kasoro ilikuwapo uliponunua. Utaonyesha kwa nini, wakati gesi imeshabadilishwa na kompresa imeshaungua?

Upande wa mama nao si wa kupuuza. Alipiga simu dukani siku ya kwanza. Aliambiwa ailete Arusha mwenyewe, kilomita themanini, friji ikiwa imesimama wima, na kwamba spea zikihitajika zitatoka Dar. Hakuna aliyemtajia muda. Ndoo tatu za juisi zilikuwa zinachacha, na fundi alikuwa umbali wa nyumba mbili. Kadi iliyomkataza kuita fundi imeandikwa Kiingereza, herufi za ukubwa wa punje ya ulezi, na ilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na ufunguo wa friji. Duka linalotaka mteja asiguse mabomba lilipaswa kumwambia sentensi moja tu kwenye ile simu: "Mama, izime, asiifungue mtu." Halikumwambia. Hilo halifufui waranti, ila linanifanya nione duka linapaswa kubeba angalau usafiri na gharama ya uchunguzi.

Na neno "imefunguliwa" lina mipaka. Angekuwa fundi amebadilisha plagi, balbu au mpira wa mlango, halafu duka likakataa kushughulikia uvujaji wa gesi, ningesema wanamdhulumu, kwa sababu vitu hivyo havigusani. Vivyo hivyo kwa umeme. Mteja akiambiwa "ni umeme wako wa huko", aulize wameona nini. Umeme uliopanda ghafla mara nyingi huacha alama: kwenye friji za inveta utakuta kinga iliyopasuka kwenye bodi au kapasita iliyovimba. Bila alama hiyo, kukataa kwa sababu ya umeme ni kubahatisha, na mimi mwenyewe nimewahi kuona kukitumika kama njia ya mkato.

Risiti yake ilikuwa hadithi yake yenyewe. Alikuwa nayo, ya mashine, lakini imeandikwa "FRIJI 1" tu, bila modeli wala namba ya serial iliyo kwenye stika. Kadi ya waranti haikupigwa muhuri. Risiti hiyo inathibitisha tarehe na duka. Haithibitishi kwamba friji iliyoletwa ndiyo iliyouzwa. Safari hii duka halikubisha. Jambo lililomuuma ni kiasi: imeandikwa 500,000, kwa sababu siku ile alikubali kupunguziwa kidogo ili iandikwe hivyo. Hata kama angeshinda hoja ya kurudishiwa fedha, karatasi yake inasema laki tano. Na kwa kuwa ni karatasi inayoandikwa kwa joto, iliyokaa juu ya friji inayochemka, nusu yake ilishafifia. Tuliisoma kwa kuinamisha dirishani.

Friji mpya, basi, kwa madai ya sasa, hastahili. Lakini nimemshauri asiondoke karakana kabla hawajafanya kipimo kimoja. Wakate kiungo alichochomea fundi, wazibe upya kwa usahihi, kisha wajaze naitrojeni na kuiacha usiku mzima. Sindano isiposhuka, huenda gesi ya kiwandani haikuwahi kuvuja, na gharama ya kompresa ni yake na fundi wake. Ikishuka, watafute kwa povu la sabuni: tundu likiwa kwenye sehemu ya barafu, lenye umbo la ncha ya kisu, limekwisha hilo. Likiwa halionekani popote kwa nje, basi liko kwenye bomba lililozikwa ndani ya povu la ukuta wa friji, mahali ambapo mkono wa fundi wa Pasua haukufika wala kisu hakifiki. Uvujaji wa namna hiyo hautengenezeki kwa maana yoyote ya kawaida, na kwa friji ya miezi mitano kampuni ndiyo itakayokuwa na maswali ya kujibu kuhusu kubadilisha. Aombe matokeo kwa maandishi, yenye namba ya serial ya friji na tarehe. Geji iliwekwa jana jioni.