Joto la sakafuni halijui juu wala chini

Ukimsikia mtu akisema "joto hupanda, kwa hiyo chini hakipotei kitu", ujue kuna mwenye nyumba atakayelipia kupasha moto stoo yake ya viazi iliyo chini ya nyumba. Kinachopanda ni hewa ya moto. Mabomba ya maji moto ya kupasha nyumba yakishazikwa katikati ya sakafu, hewa haipo. Kuna zege, na ndani ya zege joto hukimbilia kwenye baridi, iwe juu au chini.

Huyo simlaumu sana. Wanaoniudhi ni wenye kikokotoo. Wanajumlisha ukinzani, yaani jinsi tabaka linavyozuia joto kupita, wa tabaka za juu ya mabomba, wanajumlisha wa tabaka za chini, wanagawa joto kwa uwiano huo, kisha wanafunga daftari. Hesabu hiyo inafaa pale tu ambapo juu na chini kuna nyuzi sawa, kama kwenye ghorofa yenye watu pande zote mbili. (Na huko kinachoshuka hakipotei, kinampasha jirani. Bili ndiyo inabaki kwako.)

Sasa chukua nyumba ya Ujerumani yenye chumba cha chini ya ardhi kisichopashwa moto. Sebule iwe nyuzi 20, kule chini nyuzi 8. Juu ya mabomba kuna sentimita 4.5 za saruji ya sakafu na marumaru. Ukiongeza ukinzani wa uso wa sakafu, takriban 0.093 m²·K/W, jumla inafika 0.14. Chini ya mabomba kuna sentimita 3 za povu jeupe gumu, ambazo peke yake ni 0.86, kisha zege la sentimita 16 na uso wa dari ya chini. Jumla 1.10.

Mwenye uwiano atakwambia asilimia 89 inapanda na 11 inashuka. Safi sana, ila nyuzi 8 amezisahau. Anza upande unaoujua: sebule inataka wati 50 kwa mita ya mraba. T ni nyuzi za tabaka la mabomba, na q_chini ni wati zinazoshuka kwa kila mita ya mraba.

```
T      = 20 + 50 × 0.14    = 27
q_chini = (27 − 8) / 1.10  = 17.3
```

Yaani mabomba yatoe wati 67, na robo yake nzima inaelekea chini. Ukiichambua hiyo 17.3, wati 6.4 tu ndizo za uwiano wa ukinzani, yaani nyuzi 7 ukigawa kwa 1.10. Zilizobaki, karibu 11, zinatokana na zile nyuzi 12 za tofauti kati ya sebule na stoo. Hizo haziulizi sebule inataka wati ngapi.

Haya, nakubali: hata sakafu isiyo na mabomba ingevujisha wati kama 9 kwenda kwenye baridi ile. Si zote ni dhambi ya mabomba. Lakini sasa ni mabomba yanayozibeba, kwa hiyo lazima yahesabiwe.

Tandika zulia nene uone. Ukinzani wa juu unapanda hadi 0.28, tabaka la mabomba linalazimika kufika nyuzi 34 ili sebule ipate wati zake 50 zilezile, na chini zinashuka karibu 24. Zulia limewekwa juu, hasara imeongezeka chini! Dawa ni povu: weka sentimita 10 badala ya 3, na kwa marumaru hasara inashuka hadi wati 6. Kiwango cha Ulaya, EN 1264, kinataka povu lenye ukinzani usiopungua 1.25 juu ya chumba kisichopashwa moto. Hizo sentimita 3 hata mlangoni hazifiki.

Kosa jingine dogo: nyuzi za maji si nyuzi za tabaka. Kati ya bomba na bomba sakafu ni baridi zaidi, kwa hiyo maji yawe moto kuliko hizo 27.

Ukiwa na shaka, pima. Uso wa sakafu ukiwa nyuzi 24.6 na chumba nyuzi 20, zidisha tofauti kwa 10.8 upate wati 50 zinazopanda. Kisha chukua lita kwa dakika za mzunguko, zidisha kwa 70, halafu kwa nyuzi zinazopungua kati ya maji yanayokwenda na yanayorudi. Hizo ndizo wati zote za mzunguko huo. Gawa kwa eneo, toa 50, na kilichobaki kimekwenda chini.

Kwa mita 15 za mraba na tofauti ya nyuzi 5, hesabu kamili inadai lita 2.9 kwa dakika. Mwenye uwiano atafunga vali kwenye 2.4, sebule haitafika nyuzi 20, na kitakachobadilishwa ni pampu.