Dereva aachiliwa, kisha aamriwa kulipa fidia

Tuseme matatu imegongana na pikipiki saa moja usiku kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, na mwendesha bodaboda akafariki. Dereva anashtakiwa kwa kusababisha kifo kwa kuendesha kwa njia ya hatari, kosa lililo katika kifungu cha 46 cha Sheria ya Trafiki ya Kenya. Shahidi ni muuza mahindi aliyegeuka baada ya kusikia kishindo. Mchoro wa polisi unaonyesha vioo vilianguka upande wa pikipiki, ila aliyeuchora hakupima chochote. Dereva ananyamaza, na ni haki yake. Hakimu anaona huenda pikipiki ilikwepa shimo ikaingia njia ya matatu, vioo vikarukia ng'ambo. Shaka hiyo ni ya maana, basi anamwachilia.

Mjane anafungua kesi ya madai kwa ushahidi uleule, na anashinda. Wengi watasema mahakama zinapingana: mtu aliyeachiliwa analipishwaje?

Malalamiko hayo yana uzito, hasa kwa mwenye gari, ambaye huwajibika kwa uzembe wa dereva wake. Lakini kuachiliwa hakusemi kwamba dereva hakukosa; kunasema tu kwamba shaka ilibaki. Kwenye madai hakuna jela, na kinachoulizwa ni maelezo ya nani yanaelekea zaidi kuwa kweli. Vioo vilivyo upande wa pikipiki vinamwelemea dereva kidogo, na kidogo hicho kinatosha. Ukimya nao unamponza: kifungu cha 112 cha Sheria ya Ushahidi kinamtwika mhusika wa kesi ya madai mzigo wa jambo analolijua yeye hasa. Alikuwa kwenye usukani, aeleze.

Hata hivyo, wanaodhani kiwango cha chini cha uthibitisho kwenye madai ni ushindi wa bure wanajidanganya. Kifungu cha 107 cha sheria hiyohiyo kinamwachia mdai mzigo, na uwezekano ukiwa nusu kwa nusu, ameshindwa. Jaji Denning wa Uingereza alilisema hilo waziwazi mwaka 1947. Kesi nyingi huvunjikia hapa: mjane hakuwepo ajalini, anakuja na abstrakti ya polisi pekee, na karatasi hiyo huonyesha kwamba ajali ilitokea, si nani wa kulaumiwa. Bila muuza mahindi na yule polisi wa mchoro, sioni angeshindaje, na wala sioni dhuluma akishindwa.

Dereva angepatikana na hatia, na muda wa rufaa ukapita, kifungu cha 47A cha Sheria ya Ushahidi kingeifanya hukumu hiyo uthibitisho usiopingika wa kosa lake. Lakini hata hapo Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliamua mwaka 1971 kwamba aliyehukumiwa anaweza bado kudai mwenzake alichangia ajali. Pikipiki ikionekana ilikwenda bila taa, fidia ya mjane itakatwa kwa kadiri ya kosa la marehemu.