Nilikesha Nikimtibu Asiyeumwa

Najua jirani yangu wa meza ameshawahadithia, maana leo hata muuza kahawa wa Kirumba kaniita "daktari wa vichujio". Sasa sikilizeni ya mwenyewe, jamaa katia chumvi.

Tunaunda mzani wa dagaa kwa FPGA, chipu ambayo saketi yake unaipanga mwenyewe kwa msimbo, saa yake 100 MHz, yaani kila kazi imalizike ndani ya nanosekunde 10. Juzi ripoti ya sintesisi, ile hatua ya kugeuza msimbo kuwa saketi, ikasema tumepitiliza kwa nanosekunde 7.712. Mimi, fundi mzima, sikusoma mstari wa pili. Nikakimbilia jedwali la matumizi, nikakuta kichujio ndicho kimekula LUT, vile vitofali vya mantiki vya chipu, nyingi kuliko wote. Nikasema mwizi ni huyu. (Msinicheke, mla ugali mwingi nyumbani ndiye husingiziwa kila kitu.) Nikakesha nikikikata vipande na kupachika katikati rejista, vile vihifadhi vinavyoshika thamani hadi pigo lijalo la saa.

Asubuhi nikamwita bosi mwenyewe. Nikaunganisha projekta. "Mkuu, tazama hapa." Sintesisi ikaanza. Mstari wa kijani unatambaa, feni inalia, bosi kakunja mikono, harufu ya dagaa inaingia dirishani. Nikafungua ripoti ya muda, nikaikuza ionekane hadi nyuma:

```
Slack (VIOLATED) : -7.712ns
Source:       jumla_reg[15]/C
Destination:  uzito_reg[0]/D
Logic Levels: 34
```

Ileile. Hata desimali ya tatu haikutikisika! Ningekuwa nimegusa njia yenyewe inayochelewa, namba ingesogea japo kidogo, iwe kwa uzuri au kwa ubaya. Nikakohoa. Nikabonyeza F5, sijui nilitegemea nini.

Jirani akauliza taratibu, kwa ile sauti ya kutia msumari: "Kaka, njia inaanzia `jumla`, inaishia `uzito`. Kichujio chako kiko wapi hapo?"

Hakipo. Kati ya rejista hizo mbili kuna mstari mmoja tu, niliouandika mwenyewe kwa mbwembwe:

```
uzito <= jumla / 10;
```

Wastani wa vipimo 10. Kwenye karatasi ni kitu kidogo, ila kwenye chipu ni ule mgawanyo mrefu wa shule ya msingi: toa, angalia kilichobaki, shusha tarakimu, toa tena. Kila hatua inaisubiri iliyotangulia, na zote zimebanwa kwenye pigo moja la saa. Ndizo ngazi 34 hizo. Kichujio kilikuwa kinene lakini hakikuchelewa popote.

Bosi akasema "sawa" moja fupi, akaenda kunywa chai.

Dawa ilichukua dakika tano: vipimo vikawa 16 badala ya 10. Kugawa kwa 16 ni kudondosha biti nne za mwisho, nyaya tupu bila mantiki yoyote. Jumla ya vipimo 16 vya biti 12 inatosha palepale kwenye biti 16 nilizokuwa nazo. Slaki, yaani muda unaobaki kabla ya pigo la saa, ikawa chanya. Rejista za kichujio nimezing'oa kimyakimya.

Leo asubuhi jirani kanipokea mlangoni: "Shikamoo daktari. Chapati ziko tatu, tugawe kwa ngapi?"