"Kuna changamoto" haimzuii msafiri kulipa mara mbili

"Mfumo ukisumbua upande mmoja tu, tuwaandikie watu kile tunachokiona kwenye chati za mfumo, au tungoje kwanza tujue chanzo?"

Wanaosema tungoje hawana woga mtupu. Chati inaonyesha dalili, chanzo haikijui, na mara nyengine kinachoumwa ni kipimo chenyewe. Ukitangaza kwamba malipo ya kampuni fulani ya simu yamekwama, kisha kosa likaonekana ni la seva yako, umeshamchafulia mwenzio jina. Hilo nalikubali. Ndiyo maana kabla ya kuandika neno mimi hutafuta shahidi wa pili mbali na chati.

Lakini asubuhi moja nilikuwa zamu kwenye mfumo wa tiketi za boti, na boti ya Dar ilikuwa inaondoka Malindi, Unguja, saa 1. Ukurasa wetu wa hali ya huduma, unaowaambia wateja kama mfumo unafanya kazi, ulikuwa kijani mtindo mmoja. Kipimo chake kilikuwa kinafungua ukurasa wa mwanzo tu kila dakika, nao ulikuwa unafunguka vizuri. Nikatazama malipo ya dakika 10 zilizopita: maombi 200, yaliyokwama 32. Kumi na sita kwa mia, si idadi ya kumtoa mtu kitandani. Nilipoyagawa kwa njia ya malipo, sura ikabadilika. Yaliyopitia mtandao mmoja wa simu yalikuwa 50, na 31 yamekwama. Njia nyengine zote, maombi 150, lilikwama moja. Shahidi wa pili alikuwa karani wa dirishani: watu wanamwonesha ujumbe kwamba hela zimekatwa, tiketi hawana.

Seva yetu ilikuwa inangoja uthibitisho wa malipo kwa sekunde 30, ikiukosa inamwandikia mtu "Malipo hayajakamilika". Sasa mtu ana mtoto mkononi, foleni nyuma yake, boti inapiga honi. Atafanya nini? Atalipa tena. Nilipozipanga zile 31 kwa namba za simu, nikakuta ni watu 22 tu. Maombi tisa yalikuwa marudio. Hitilafu ilikuwa yetu, lakini marudio yale yalitokana na kimya chetu, na kila dakika tuliyongoja yaliongezeka. Kurejesha hela iliyolipwa mara mbili si kubonyeza kitufe. Mwenyewe anakuwa ameshafika Dar na nauli ya daladala hana.

Rasimu ya kwanza ya tangazo iliyoletwa ilisema: "Baadhi ya wateja wanaweza kukumbana na changamoto za kiufundi. Tunaomba radhi kwa usumbufu." Kila asomaye "baadhi" hudhani ni wengine. Na "changamoto" siku hizi imebebeshwa kila kitu, kuanzia umeme kukatika hadi harusi kuahirishwa. Tuliyoiweka ni hii, ila pale jina la mtandao tulilitaja:

"Saa 12:58 asubuhi. Tangu saa 12:41, zaidi ya nusu ya malipo yanayopitia mtandao huu hela zinakatwa lakini tiketi haitoki. Ukishakatwa, usilipe tena. Nenda dirishani na ujumbe wa muamala. Njia nyengine za malipo zinafanya kazi. Chanzo bado hatujakijua. Tutaandika tena saa 1:15."

"Yanayopitia" inasema mahali, haimtaji mkosa. "Zaidi ya nusu" tuliichagua badala ya 62 kwa mia kwa sababu namba ile ingebadilika kabla mtu hajamaliza kusoma. Na saa tuliigeuza: chati iliandika 03:41 UTC, ambayo kwetu ni saa 12:41, na bila neno "asubuhi" kuna atakayeisoma jioni.

Chanzo tulikipata saa 1:20. Cheti cha usalama cha seva moja kati ya mbili zinazopokea uthibitisho wa mtandao ule kilikuwa kimekwisha muda wake. Kosa letu, basi. Tungengoja tukijue, boti ingekuwa imeshaiacha bandari dakika 20 nyuma.

Mstari wa malipo yaliyokwama kwenye chati ulishuka saa 1:26, na bosi akataka tubadilishe hali iwe `Resolved`, yaani tatizo limekwisha. Hapo wenye hadhari wana haki kuliko wenye haraka: chati ilikuwa inapima malipo mapya, na waliokatwa hela bila tiketi haiwaoni kabisa. Tukaandika kwamba malipo mapya yanapita, ya nyuma tunayalinganisha moja moja. `Resolved` iliwekwa saa 4 kasorobo.

Wasafiri wangapi waliufungua ukurasa ule? Wachache mno. Aliyeufungua ni karani, akausoma kwa sauti mara mbili, na mzee mmoja aliyekuwa ameshaandika namba ya siri akaifuta.